Muziki usio na maneno kwa sala ya faragha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninapiga kinanda kanisani, na kwa miaka mingi watu wamekuwa wakiniomba niwarekodie muziki wa kuweka chini ya sala zao nyumbani. Wengine ni wa rozari, wengine wa kusoma Neno alfajiri, wengine wanataka tu kukaa kimya mbele za Mungu katika nyumba yenye watu wengi. Maswali yao yanafanana. Nimeyajibu hapa kwa urefu, hasa yale ya kuchagua na ya kutengeneza muziki wenyewe.

Kwa nini maneno ya wimbo yanivuruge, na ni maneno matakatifu?

Kwa sababu unasali kwa maneno. Hata sala ya kimyakimya hupita kwenye sauti ile ya ndani unayoitumia unaposoma au unapohesabu moyoni. Lugha unayoielewa ikipita masikioni, akili huifuata bila kuombwa ruhusa. Jaribu kuhesabu chenji dukani huku mtu anakutajia namba za simu, utaona. Utakatifu wa maneno hauondoi tatizo hilo. Wimbo ukisema "asante" wakati wewe uko kwenye toba, mmoja wenu atamfuata mwenzake, na mara nyingi ni wewe utakayemfuata mwimbaji.

Kuimba ni sala, sikatai. Ila kuimba ni kazi moja na kukaa kimya ni kazi nyingine. Ukitaka kusali kwa wimbo, zima kila kitu uimbe kwa sauti yako. Ukurasa huu unahusu ule wakati mwingine, ambapo muziki unatakiwa ukae nyuma.

Nikichukua wimbo wa kanisani ninaoupenda, uliopigwa kinanda tu, tatizo si limekwisha?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Wimbo ulioimba tangu utotoni umeshikana na maneno yake. Mpigaji akigusa noti nne za kwanza, kichwa chako kinamalizia ubeti wote. Kisha kinasubiri kibwagizo. Kisha kinashangaa kwa nini ameruka ubeti wa tatu. Hakuna aliyeimba, lakini maneno yote yamepita.

Namna ya kupima ni rahisi. Weka muziki, kaa dakika mbili, halafu uzime ghafla katikati. Kama akili inaendelea na wimbo pale ulipokatiwa, muziki huo ulikuwa umekushika. Kama unabaki na ukimya tu na huna hamu ya kujua ungeendelea wapi, huo unafaa.

Wimbo unaoufahamu una nafasi yake mwanzoni. Dakika mbili au tatu za wimbo uliouzoea hutuliza mwili na kuuambia kwamba muda wa sala umefika. Baada ya hapo uache, uingie kwenye muziki usio na kumbukumbu.

Basi niangalie nini kwenye muziki wenyewe?

Angalia kama sikio lako linasubiri kitu. Hicho ndicho kipimo changu kikuu, na mengine yote yanatoka hapo.

Waliojifunza solfa wataelewa haraka. Imba do, re, mi, fa, so, la, ti, halafu nyamaza kwenye ti. Unasikia mwili mzima unataka kumalizia na do ya juu. Ti inavuta kwenda do, na fa inavuta kwenda mi. Muziki wa kawaida wa kanisani na wa redioni umejengwa juu ya mvuto huo: unakuweka kwenye hali ya kungoja, kisha unakupa ulichongojea, kisha unaanza tena. Ni mtamu kuusikiliza, lakini kila mara unachukua kipande cha usikivu wako.

Ukiondoa fa na ti unabaki na do, re, mi, so na la. Noti hizo tano hazisukumani. Unaweza kutoka yoyote kwenda yoyote, ukaishia popote, na sikio lisilalamike. Ndiyo maana muziki mwingi wa kutulia, kutoka nchi mbalimbali, umetumia ngazi ya noti tano, nasi Afrika Mashariki tunayo kwenye ala nyingi za nyuzi.

Mengine ni ya kawaida. Pasiwe na ngoma wala besi inayodunda, kwa sababu mdundo unaita mwili kucheza. Pasiwe na ala inayoingia ghafla dakika ya saba; filimbi au vayolini inayochomoza baada ya ukimya ndiyo huwafungua watu macho. Na uwe mrefu kuliko sala yako. Ukiisha kabla yako utanyosha mkono kwenye simu, na simu ikishikwa sala imekwisha.

Kasi gani inafaa?

Karibu na mapigo 60 kwa dakika au chini yake. Kupima hakuhitaji chombo: tazama saa, hesabu mapigo ya muziki kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Ukipata 90 au zaidi, huo ni wa kufanyia usafi wa nyumba.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu 24 waliosikilizishwa muziki wa aina sita. Kasi ya muziki ilipopanda, kupumua, shinikizo la damu na mapigo ya moyo vilipanda nayo, na aina ya muziki au mapenzi ya msikilizaji havikuwa na uzito kama kasi. Kwa hiyo wimbo wa haraka hautulizi mwili kwa kuwa tu unaupenda.

Mtafiti huyo huyo, miaka mitano kabla, mwaka 2001, alipima kupumua kwa watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini au wakirudia mantra ya yoga. Namna zote mbili zilishusha pumzi hadi karibu sita kwa dakika, yaani pumzi moja nzima kila sekunde kumi. Ukisali Salamu Maria kwa zamu na mwenzako, nusu yako na nusu yake, utaona pumzi inapangika yenyewe. Muziki wa chini ya rozari unatakiwa uache nafasi hiyo. Muziki wenye mapigo 60 una mapigo kumi ndani ya pumzi moja ya namna hiyo, na wala huhitaji kuyahesabu.

Nyimbo za lugha nisiyoijua zinafaa?

Mara nyingi ndiyo, kwa sababu sauti ya binadamu inabaki na maana inatoweka. Nyimbo za kale za watawa kwa Kilatini zina faida nyingine: hazina mdundo wa kuhesabika, zinafuata pumzi ya waimbaji. Asiyejua Kilatini anazisikia kama hewa inayopita. Aliyesoma seminari atafuata kila neno, na kwake hazifai kwa kazi hii.

Kundi la pili ni nyimbo fupi za jumuiya ya Taizé, kijiji cha Burgundy nchini Ufaransa ambako mwanzilishi wake, Bruda Roger, alifika mwaka 1940. Sehemu kubwa ya nyimbo hizo ilitungwa na Jacques Berthier. Sentensi moja au mbili hurudiwa dakika nyingi mpaka maneno yanalegea na kuwa kama pumzi. Wengi wa Nairobi walizizoea zaidi baada ya mkutano mkubwa wa vijana ambao jumuiya hiyo iliufanya huko mwaka 2008. Ushauri wangu ni kuchagua rekodi za lugha usiyoielewa kwa sala ya kimya, na kuziacha zile za Kiswahili kwa kuimba pamoja.

Tahadhari moja: mwimbaji mmoja mwenye hisia nyingi huvuta sikio hata kwa lugha ngeni. Kilio hakihitaji tafsiri. Chagua kwaya inayoimba kwa sauti moja.

Ala zetu za asili je? Kwa nini kila muziki wa kutafakari ni piano na filimbi za Asia?

Swali hili nalipenda. Tunazo ala za utulivu, ila rekodi zake nyingi zina waimbaji, na mwimbaji akiingia tumerudi kwenye maneno.

Obokano ya Wakisii ni ala kubwa ya nyuzi nane yenye sauti nzito inayonguruma, na mngurumo ule unabeba sala vizuri sana. Tafuta rekodi ambayo mpigaji anapiga tu bila kuimba. Nyatiti ya Wajaluo ni nyepesi na ya haraka zaidi. Mpigaji hugonga pia chuma cha kidole cha mguu kwenye mbao, na mdundo huo wa kugonga unachangamsha. Kwangu hiyo ni ya sifa. Inanga ya Burundi na Rwanda ni tulivu kuliko zote ninazozijua, na hasa Burundi mwimbaji wake hunong'ona badala ya kuimba. Asiyejua Kirundi wala Kinyarwanda anaweza kuiweka chini ya sala kwa amani. Anayejua atasikiliza hadithi hadi mwisho, kwani hadithi zenyewe ni nzuri.

Ilimba ya Wagogo wa Dodoma ina vijitundu vilivyofunikwa utando mwembamba ili sauti ivume. Wengine mvumo ule unawatuliza, wengine unawakwaruza sikio. Jaribu dakika tano ujue uko upande gani.

Nje kidogo ya kwetu, Ethiopia wana begena, ala ya nyuzi kumi ambayo waumini huihusisha na kinubi cha Mfalme Daudi. Hii imetengwa kabisa kwa ibada na tafakari, na husikika zaidi wakati wa Kwaresima. Nyuzi zake zinatikisika juu ya vipande vya ngozi, ndipo inapopata mvumo wake mzito. Ethiopia hiyohiyo ilimtoa Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, mtawa aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1923 na kufariki Yerusalemu mwaka 2023, aliyetunga vipande vya piano visivyo na maneno. Piano yake inatembea bila haraka na huwezi kukisia noti inayofuata. Naona inafaa zaidi kwa kusoma Maandiko kuliko kwa ukimya wa ndani, maana ni nzuri kiasi kwamba ukikaa kimya utaishia kuisikiliza yenyewe.

Mimi ni Mwislamu. Haya yananihusu?

Suala la ala za muziki katika ibada wanazuoni wa Kiislamu wamelizungumza kwa kirefu, na wengi wao hawaziruhusu. Muulize sheikh wako, si mpiga kinanda wa kanisani. Ninachoweza kusema ni kwamba kisomo cha Qur'ani hakifai kuwekwa kama sauti ya nyuma. Aya ya 204 ya sura ya saba, Al-A'raf, inaagiza isomwapo isikilizwe na watu wanyamaze. Majirani zangu wanaofanya dhikri nyumbani hutumia ukimya, au rekodi ya mvua kuzuia kelele za barabarani, na hesabu ya pumzi inayoongoza dhikri inafanya kazi ambayo kwetu muziki hufanya.

Nina kinanda kidogo nyumbani. Naweza kujirekodia mwenyewe?

Unaweza, na mara nyingi utapata kitu kinachokufaa kuliko vya mtandaoni. Huhitaji kuwa fundi. Nieleze rekodi moja ya dakika 20 tangu mwanzo, ile ninayowatengenezea watu wa rozari na wa tafakari.

Chagua sauti ndefu isiyoanza kwa pigo kali. Kwenye vinanda vingi utaiona imeandikwa Warm Pad au Strings. Piano ya kawaida haifai peke yake kwa sababu kila noti inaanza kwa pigo na kisha kufifia, na sikio hulihesabu kila pigo. Zima midundo yote ya kinanda.

Mkono wa kushoto shikilia do na so za chini, pamoja, muda wote. Usiweke mi katikati. Mi ndiyo inayoamua kama muziki una furaha au huzuni, na hatutaki kinanda kimwamulie mtu hali ya moyo wake. Mwenye msiba na mwenye shukrani wote waweze kukaa juu ya do na so hizo. Mkono ukichoka, achia noti moja huku nyingine imeshikwa, kisha badilisha. Usiachie zote mbili kwa pamoja.

Mkono wa kulia piga noti moja moja kutoka zile tano: do, re, mi, so, la. Vuta pumzi, piga noti, toa pumzi taratibu, ngoja, vuta tena. Noti moja kwa pumzi moja. Mi ikipita hapa juu haina shida kwa kuwa haikai. Usitafute wimbo. Vidole vya mtu wa kwaya vitatafuta wimbo vyenyewe, na baada ya dakika mbili utajikuta unapiga kitu cha Jumapili. Ukiona hivyo, simamisha mkono wa kulia, acha do na so zidumu kwa pumzi tatu au nne, halafu anza tena na noti nyingine.

Mpangilio wa muda uwe hivi. Dakika tatu za mwanzo mkono wa kulia uwe hai kidogo, noti mbili kwa pumzi, ili mtu atulie. Kisha takriban dakika 12 za noti chache, nyingine zikiachwa kabisa. Kisha dakika mbili za kufifia. Baada ya hapo dakika tatu za ukimya mtupu, ndani ya rekodi hiyohiyo. Mwishoni kabisa noti moja ndogo ya so, kumjulisha mtu kwamba muda umekwisha. Noti hiyo inachukua nafasi ya kengele ya simu, ambayo hakuna sala inayostahili kuishia nayo.

Kurekodi, weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, urefu wa mkono mmoja kutoka kwenye spika ya kinanda, ikiwa kwenye hali ya ndege. Kitambaa kinazuia mtikisiko wa meza. Rekodi dakika moja kwanza uisikilize. Kama unasikia "shiii" inayopanda kila unaponyamaza na kushuka kila unapopiga, programu ya simu inajipandishia sauti yenyewe. Ingia kwenye mipangilio uzime hicho kipengele ukikipata. Usipokipata, do na so za mkono wa kushoto zitakusaidia, kwa sababu zikiwa hazikatiki simu haina ukimya wa kuukimbilia.

Mwenye kompyuta anaweza kumalizia kazi na programu ya bure ya ffmpeg. Hapa rekodi ya kinanda ni ya dakika 17, yaani sekunde 1020, na noti ya mwisho imerekodiwa kando:

```
ffmpeg -i kinanda.m4a -i noti.m4a -filter_complex "[0:a]afade=t=in:d=8,afade=t=out:st=900:d=120,apad=pad_dur=180[a];[a][1:a]concat=n=2:v=0:a=1" -b:a 128k sala.mp3
```

Amri hiyo inapandisha sauti taratibu kwa sekunde nane, inaanza kuififisha kwenye sekunde ya 900, inaongeza ukimya wa sekunde 180, kisha inaunganisha noti. Rekodi yako ikiwa na urefu mwingine, toa 120 kwenye sekunde zake uweke jibu pale penye 900.

Usitengeneze kipande cha dakika nne ukakirudia mara tano. Katika mzunguko wa pili sikio litakuwa limeshajua mshono uko wapi, na litaanza kuungojea. Afadhali dakika 17 zenye makosa madogo ya vidole kuliko nne safi zinazojirudia.

Nasikiliza mtandaoni na matangazo yananikata. Nifanye nini?

Usisali na muziki wa mtandaoni kabisa. Tangazo la sabuni likiingia kwa kelele katikati ya ukimya, moyo unaruka, na hata lisipoingia unabaki na wasiwasi kwamba litaingia. Programu nyingi zinaruhusu kupakua muziki kihalali ndani ya simu. Pakua usiku bando likiwa nafuu, kisha weka simu kwenye hali ya ndege kabla ya kukaa.

Rekodi ya MP3 ya kiwango cha 128 kwa dakika 20 haizidi MB 20. Video ya urefu huohuo hula bando mara nyingi zaidi, na wewe umefumba macho. Wazee wasiopenda simu huwa nawawekea kwenye flashi ya redio; inacheza vizuri, ila hakikisha flashi ina faili hilo moja tu, la sivyo redio itaruka kwenye kitu kingine noti ya mwisho ikiisha.

Sauti iwe kubwa kiasi gani?

Iwe chini ya mnong'ono wako. Sema Baba Yetu kwa kunong'ona. Kama muziki unaufunika, punguza. Watu wengi huanza juu sana kwa sababu wametoka barabarani na masikio bado yana kelele. Weka kiwango, kaa dakika tatu, kisha punguza tena.

Spika ndogo ya simu haitoi sauti nzito. Do ya chini kabisa ya kinanda haitasikika, utabaki na noti za juu zinazochoma. Kama utasikilizia kwenye simu, rekodi do na so katikati ya kinanda, au igeuze simu ielekee ukutani ili sauti irudi ikiwa laini. Vya kuvaa masikioni vinasaidia nyumba yenye watu, lakini vinakufungia ndani na pumzi yako kiasi kwamba baadhi husikia mapigo ya moyo wao. Vikikuudhi, tumia upande mmoja.

Jirani anapiga muziki usiku kucha. Nipandishe wangu?

Hapana, hutamshinda. Besi ya jirani inapita ukutani, na kinanda chako laini hakiwezi kuifunika hata ukikipandisha. Kinachofunika vizuri zaidi ni sauti pana isiyobadilika, kama mvua kubwa juu ya bati au feni. Weka rekodi ya mvua kwa kiwango cha wastani, na muziki uache usiku huo. Mvua inaficha maneno ya mazungumzo vizuri. Mdundo wa besi itaupunguza makali tu. Usiku wa harusi mtaani, sali alfajiri.

Video zinadai muziki wa masafa 432 au 528 huponya na kufungua milango ya mbinguni. Ni kweli?

Namba hizo zinaeleza jinsi ala ilivyowekwa sawa, hazielezi kitu kingine. Kiwango kinachotumika kimataifa kinaiweka noti ya la ya katikati kwenye mtikisiko 440 kwa sekunde. Ukiiweka 432, muziki wote unashuka karibu theluthi moja ya nusu-toni, tofauti ambayo watu wengi hawaitambui wasipopigiwa namna zote mbili kwa pamoja. Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba mojawapo inaponya ugonjwa. Sauti ya chini kidogo inaweza kukupendeza, basi itumie kwa kuwa inakupendeza. Ila mtu asiache dawa zake kwa ajili ya video, na asimwambie mgonjwa kwamba namba itamtenda muujiza. Ninaumia kila ninapoona akina mama wakilipia rekodi hizo.

Kwa nini unaweka ukimya mwishoni? Si ni afadhali muziki uendelee?

Kwa sababu muziki ni wa kukufikisha hapo. Katika ule utafiti wa 2006, watafiti waliingiza vipindi vya ukimya vya dakika mbili kati ya muziki. Katika vipindi hivyo mapigo ya moyo, shinikizo la damu na kupumua vilishuka hata chini ya vilivyokuwa kabla ya muziki kuanza. Utulivu mkubwa zaidi ulipatikana muziki uliponyamaza.

Nimeona hivyo kwa watu pia. Mara ya kwanza dakika tatu za ukimya huwatisha, hudhani simu imezima. Baadaye wengi huniomba niongeze ukimya hadi dakika tano, kisha saba, na muziki unapungua wenyewe. Ukiona umefika hali ya kutoweza kusali bila rekodi, fuata njia hiyo: kila wiki mbili punguza dakika moja ya muziki, ongeza moja ya ukimya, rekodi ibaki na urefu uleule wa dakika 20.

Nasinzia kila mara. Kosa liko kwenye muziki?

Mara nyingi liko kwenye saa na kiti. Muziki wa pumzi sita kwa dakika, umelala kitandani saa nne usiku baada ya kazi, utakulaza, na pengine mwili unahitaji usingizi huo. Kaa kwenye kigoda kisicho na egemeo, taa iwe inawaka, na usali kabla ya kula.

Ukiwa umekaa vizuri na bado unasinzia, sauti imekuwa nzito mno. Panda: hamisha mkono wa kushoto kwenye do na so zinazofuata juu, na mkono wa kulia uguse re na la mara nyingi zaidi kuliko do. Re na la hazitulii kabisa juu ya do, na hali hiyo ndogo ya kutotulia inatosha kumweka mtu macho bila kumsumbua. Watu wa mkesha huwa nawarekodia hivyo, na ukimya wao naugawa vipande vya dakika moja moja badala ya kuuweka wote mwishoni.